Kurekodi tangazo la redio kwa simu: chumba, umbali na sekunde 30

Mtu wa Kumsenga mwenye sauti safi na simu ya kupangusa anaweza kurekodi tangazo likaruka redioni bila yeye kufika studio. Tunapokea sauti za namna hiyo kutoka vijiji vya Kibondo na Kasulu, na nyingi tunalazimika kuzirudisha. Mara nyingi kosa si la sauti ya mtu wala si la simu. Ni chumba alichorekodia, au ni mahali alipoiweka simu. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kurekodi tangazo la sekunde 30, kuanzia karatasini hadi linapotumwa, na mwishoni tunagusa usomaji wa vitabu vya sauti, ambao unafuata kanuni zile zile kwa muda mrefu zaidi.

Maneno kwanza, simu baadaye

Dukani au ofisini, mwenye tangazo huleta maneno yake, na karibu kila mara yanakuwa mengi kuliko muda aliolipia. Kwa mwendo wa mtangazaji asiye na haraka, Kiswahili huenda kama maneno mawili kwa sekunde. Sekunde 30 ni maneno 60, basi. Namba ya simu ya tarakimu 10, ikisomwa ili mtu aweze kuiandika, inachukua sekunde kama 7. Ukiirudia mara mbili, karibu nusu ya tangazo imekwisha.

Tuchukue mfano wa duka la pembejeo. Mwenye duka ameandika hivi:

"Duka letu maarufu la pembejeo lililopo katika kata ya Kumsenga, wilaya ya Kibondo, mkoa wa Kigoma, linapenda kuwatangazia wateja wake wote wapendwa, wa jumla na rejareja, kwamba sasa tumeingiza mzigo mpya wa mbegu bora za mahindi na maharage, mbolea za kupandia na za kukuzia, pamoja na dawa za kuua wadudu na pampu za kunyunyizia, kwa bei nafuu kabisa isiyo na mpinzani. Tupo karibu na soko, tunafungua kila siku kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni." Halafu namba ya simu, mara mbili.

Hayo ni maneno 78, yaani sekunde 39, na namba mara mbili ni sekunde 14. Jumla ni sekunde 53. Msomaji anayelazimisha maneno hayo yaingie katika sekunde 30 atakimbia, atameza silabi za mwisho, na mkulima aliyeko shambani na redio mfukoni hatashika hata jina la mahali. Njia ni kupunguza maneno kabla ya kubonyeza kitufe chochote. Msikilizaji wa Kibondo hahitaji kuambiwa Kumsenga iko mkoa gani. "Maarufu", "wapendwa" na "isiyo na mpinzani" hazimpi mtu sababu ya kufunga safari. Anachotaka kujua ni kitu gani kipo, kiko wapi, na lini akifuate. Tukipunguza tunapata hivi:

"Mvua ya kwanza ikinyesha, mbegu yako iko wapi? Duka la pembejeo la Kumsenga, karibu na soko, lina mbegu za mahindi na maharage zenye lebo ya ubora, na mbolea ya kupandia. Pakiti ya kilo mbili ipo, mfuko mzima upo. Tunafungua kila siku saa moja asubuhi. Piga..." Halafu namba, mara moja.

Hayo ni maneno 45, kama sekunde 22 na nusu. Ongeza sekunde 7 za namba, umefika 29 na nusu. Namba isome kwa mafungu: tarakimu nne, pumzika, tatu, pumzika, tatu. Dawa za wadudu na pampu zimeachwa kwa tangazo la wiki nyingine. Mwenye duka akikataa kuziacha, basi anunue sekunde 60. Maneno "zenye lebo ya ubora" yaingie tu ikiwa kweli mbegu hizo zina lebo, kwa hiyo omba uone pakiti. Na akikuletea tangazo la dawa za binadamu, muulize kwanza kibali chake, kwa sababu kituo hakiwezi kulirusha bila hicho hata kama umelisoma vizuri kiasi gani.

Matangazo ya jamii yana hatari yake

Tangazo la biashara likikosewa, duka linakosa wateja. Tangazo la msiba, mkutano au mtu aliyepotea likikosewa, watu wanatembea bure au wanachelewa mazishi. Ukanda wetu unajua uzito wa jambo hili. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, wakati maelfu ya watu wa Rwanda na Burundi walikuwa wamevuka mpaka, na ndugu wengi wakiwa wamepotezana njiani. Kwa watu wa namna hiyo, jina moja likitamkwa vibaya ni ndugu asiyepatikana.

Kwa hiyo katika tangazo la jamii, taja siku kwa jina lake pamoja na tarehe, na saa pamoja na kipindi cha siku: "Jumamosi tarehe 14, saa mbili asubuhi." Ukisema "saa mbili" peke yake, kuna atakayefika usiku. Kamwe usiseme "kesho", kwa sababu hujui kituo kitarusha tangazo lini na mara ngapi. Majina ya watu na vijiji, muulize aliyekupa tangazo ayatamke mwenyewe, uandike kama unavyoyasikia, kisha umsomee akubali kabla hujarekodi.

Herufi zinazobadilisha maana

Wengi wetu tuliokua tukisema Kiha nyumbani tunachanganya *r* na *l* tunapoongea haraka. Hilo halimzuii mtu kusoma redioni, na lafudhi ya kwetu si aibu. Msikilizaji wa hapa anaizoea na kuiamini. Tatizo ni pale maana inapobadilika. "Mahali" ni sehemu, "mahari" ni mali ya kuolea. "Kura" hupigwa, "kula" ni chakula. Vivyo hivyo *th* ikigeuka *s*: "thamani" ni gharama ya kitu, "samani" ni vitanda na makabati. Fundi seremala akikuletea tangazo la samani zenye thamani nafuu, sentensi moja ina mitego miwili.

Dawa yake ni penseli. Pitia karatasi, weka duara kwenye kila neno la namna hiyo, na weka mstari mdogo mahali pa kupumua. Soma kwa sauti mara tatu ukiwa umesimama. Ukikwama mahali pale pale mara zote tatu, usijilazimishe, badilisha neno. "Bei" linafanya kazi ya "thamani", na halimtegi mtu.

Chumba ndicho studio yako

Nyumba ya matofali ya kuchoma iliyopigwa plasta na kuezekwa bati ni nzuri kuishi, ila ni mbaya kurekodia ikiwa tupu. Sauti hugonga ukuta mgumu, ikarudi kwenye simu ikiwa imechelewa kidogo, na ukisikiliza utadhani mtu anaongea ndani ya pipa. Masikio yako ukiwa chumbani yanauzoea mwangwi huo na kuusahau. Simu hausahau. Isitoshe, mtambo wetu wa kurushia hunyanyua sauti ndogo ili redio isikike vizuri hata barabarani, na kwa kufanya hivyo unanyanyua pia mwangwi na kelele. Kile kilichosikika kidogo kwenye simu yako kinakuwa kikubwa hewani.

Pima chumba kwa kupiga kofi moja kali. Ukisikia mlio ukining'inia baada ya kofi, hapo si mahali pa kurekodia. Kofi likifa papo hapo, panafaa. Chumba kidogo chenye kitanda, godoro, nguo zilizotundikwa na mapazia kinafaa kuliko sebule. Stoo yenye magunia ya maharage au mahindi inafaa pia, kwa sababu magunia hunyonya sauti. Kama chumba bado kina mwangwi, simamisha godoro ukutani nyuma yako na utundike blanketi zito mbele yako, nyuma ya simu. Watu wengi hufunika ukuta ulio nyuma ya simu peke yake, lakini sauti inayorudi kutoka ukuta ulio nyuma yako ndiyo inayoingia moja kwa moja kwenye maiki.

Kisha sikiliza kimya. Rekodi sekunde 30 bila kusema neno, uvae visikilizio, na usikilize ulichonasa. Utasikia vitu ambavyo hukuvijua: mashine ya kusaga iliyo mbali, kuku, friji ya jirani, saa ya ukutani. Mchana wa jua kali bati hupasuka-pasuka likipata joto, na mlio huo huingia katikati ya maneno. Mvua ikianza, hata ya rasharasha, acha kazi mpaka ikatike, kwani hakuna namna ya kuiondoa baadaye. Kila nyumba ina saa yake ya utulivu. Pima mara tatu kwa siku, utaifahamu ya kwako.

Simu iwekwe wapi

Maiki ya simu nyingi ni kitundu kidogo upande wa chini, karibu na mahali pa kuchajia. Kitundu hicho ndicho kielekee kwako. Umbali unaofaa ni shubiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo ukivinyoosha. Ukisogeza simu mbali mara mbili, nguvu ya sauti yako inayoifikia inashuka hadi robo, lakini mwangwi wa chumba unabaki ule ule. Ndiyo maana tangazo lililorekodiwa simu ikiwa mezani, na msomaji amekaa nyuma kwenye kiti, linasikika kama limetoka chumba kingine.

Simu isikae mbele ya mdomo kabisa. Iweke pembeni kidogo, usawa wa shavu, ili pumzi ya *p* na *b* ipite kando. "Pembejeo" na "bei" zikisomwa mbele ya maiki hutoa kishindo kama upepo unaopiga turubai. Unaweza kujipima kwa kuweka kiganja mahali ilipo simu na kusema "pembejeo". Ukihisi pumzi kwenye kiganja, simu isogee pembeni zaidi.

Usiishike simu mkononi, kwa maana kila kidole kinaposogea hunaswa. Iegemeze kwenye vitabu vilivyopangwa juu ya meza hadi ifike usawa wa mdomo, na uweke kanga iliyokunjwa chini yake ili meza isipeleke mtikisiko. Karatasi ya maneno ibandike ukutani au kwenye blanketi, usiishike, maana nayo hulia. Kisha iweke simu katika hali ya ndege, `Airplane mode`. Simu ikiita katikati ya kurekodi, programu nyingi hukatisha kazi, na mlio unabaki ndani.

Mipangilio na kiwango cha sauti

Tumia programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu, kwa kawaida imeandikwa `Recorder` au `Voice Recorder`, na kwenye aifoni `Voice Memos`. Fungua mipangilio yake, chagua ubora wa juu kabisa. Kama inakupa aina za faili, chagua `WAV`. Isipokuwepo, `M4A` inatosha. Epuka `AMR` na `3GP`. Hizo zilitengenezwa kubeba maongezi ya simu, na hukata sehemu ya juu ya sauti ambayo ndiyo inayotofautisha *s* na *f*. Kitochi hurekodi kwa namna hiyo, na ndiyo sababu hatuwezi kurusha tangazo lake hata kama msomaji ni hodari.

Soma sentensi ya kwanza kwa nguvu utakayotumia hadi mwisho, kisha sikiliza. Silabi zenye nguvu zikisikika zimechanika, kama spika iliyopasuka, umeizidi maiki. Rudi nyuma vidole vitatu au punguza nguvu. Sauti iliyochanika hairekebishiki. Sauti iliyo ndogo kidogo tunaweza kuinyanyua, kwa hiyo kosea upande huo.

Bonyeza kitufe, nyamaza sekunde 3, soma, maliza, nyamaza sekunde 3 tena, ndipo uzime. Kimya hicho kinamsaidia fundi wetu kupima kelele ya chumba chako na kukata bila kula herufi ya kwanza. Ukikosea katikati, usizime. Piga kofi moja, rudia kutoka mwanzo wa sentensi, uendelee. Kwenye mchoro wa sauti kofi huonekana kama mti mrefu peke yake, na anayehariri anajua hapo ndipo pa kukata. Rekodi mara tatu tangazo zima. Mara ya pili huwa ndiyo bora, maana ya kwanza ina woga na ya tatu ina uchovu, lakini sikiliza zote kabla hujachagua.

Usiweke muziki. Ukishachanganywa na sauti hauwezi kutolewa, na kama ni wimbo wa mtu, kituo ndicho kitakachoulizwa kibali. Tuma sauti kavu.

Kutuma bila kuharibu

Hapa kazi nzuri nyingi hufia. Ukibonyeza alama ya maiki ndani ya WhatsApp na kusoma tangazo moja kwa moja, au ukicheza ulichorekodi mbele ya simu nyingine, WhatsApp huibana sauti ili ipite haraka mtandaoni, na ubora ulioutafuta chumbani unapotea. Faili yako itume kama hati: bonyeza alama ya kibanio cha karatasi, chagua `Document`, kisha tafuta faili. Ikitumwa hivyo inafika kama ilivyotoka. Sekunde 30 za `WAV` ni kama MB 2.6, na kwa `M4A` ni kama nusu MB, basi kifurushi kidogo kinatosha. Ipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano:

```
kumsenga_pembejeo_30s_1.wav
```

Usiifute kwenye simu mpaka tangazo liruke na ulisikie.

Kitabu cha sauti ni mwendo mrefu

Kanuni za chumba na umbali hazibadiliki kwa kitabu. Kinachobadilika ni kwamba lazima sauti ya sura ya 10 ifanane na ya sura ya 1. Kitabu cha maneno 30,000, kikisomwa kwa mwendo wa maneno 110 hadi 120 kwa dakika, kinatoa zaidi ya saa 4 za sauti iliyokamilika. Ukihesabu kurudia, kusikiliza na kukata, tegemea kazi ya saa 10 au zaidi, iliyogawanywa katika siku nyingi. Sauti ya asubuhi ni nzito kuliko ya jioni, kwa hiyo rekodi saa ile ile kila siku. Weka alama ya chaki sakafuni miguu yako iliposimama na alama mezani simu ilipokaa. Kabla ya kuanza kila siku, sikiliza dakika moja ya jana, ndipo usome. Usipite dakika 40 kwa mkupuo, na maji yawe karibu, maana koo kavu hutoa vimlio vidogo vya ulimi ambavyo msikilizaji wa kitabu, aliyevaa visikilizio, atavisikia vyote.

Kusoma kitabu cha mtu na kukisambaza ni kutumia mali yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia. Pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwandishi au mchapishaji kabla hujasoma ukurasa wa kwanza, vinginevyo saa hizo 10 hazina mnunuzi.

Makubaliano kabla ya sauti

Tangazo la sekunde 30 linaweza kurushwa kwa wiki mbili au kwa miaka mitatu, na sauti ni ile ile. Ndiyo maana malipo yasipangwe kwa "kazi ya asubuhi moja". Andikeni, hata kwa ujumbe wa simu, mambo manne: litarushwa kwenye vituo vipi, kwa muda gani, je litatumika pia kwenye spika za mnadani au gari la matangazo, na ukiitwa kurekodi upya kwa sababu mwenye duka amebadili maneno, nani analipa. Kosa lako mwenyewe rekodi upya bure. Mabadiliko yake ayalipie. Kwa kitabu, malipo yapangwe kwa kila saa ya sauti iliyokamilika, si kwa siku, ili nyote wawili mjue kinachohesabiwa.

Kabla ya kutuma faili yako ya kwanza, mpe mtu ambaye hajaona karatasi aisikilize mara moja tu kupitia redio ndogo au spika ya simu, kisha umwulize: ni nini, kiko wapi, lini, na namba ni ipi? Akijibu yote manne, tuma. Akikosa moja, rudi kwenye karatasi kwanza.